Kutoka Ripoti Nene Hadi Ukurasa Mmoja wa Mkurugenzi: Mfano wa Udumavu Mkoani Iringa

Dokezo langu la kwanza kuhusu lishe lilirudi kutoka ofisi ya mkurugenzi likiwa na maneno manne pembeni: "Sasa unataka nifanye nini?" Nilikuwa nimesoma ripoti kwa wiki mbili. Kila takwimu niliyoandika ilikuwa sahihi, na nilifupisha sura nzima bila kuacha jambo. Kosa lilikuwa hapo hapo. Nilifupisha ripoti, wakati mkurugenzi alihitaji kitu cha kuweka sahihi.

Tangu hapo nimekuwa nikianzia mwisho. Kwanza natafuta uamuzi ambao msomaji wangu ana mamlaka ya kuufanya, kisha narudi kwenye ripoti kutafuta takwimu chache zinazoubeba. Nitaonyesha njia hiyo kwa ripoti ambayo maafisa wengi wa halmashauri wanayo mezani: Utafiti wa Demografia, Afya na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa kushirikiana na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar na wizara za afya. Ni ripoti ya mamia ya kurasa, imejaa majedwali, na imeandikwa kwa Kiingereza. Mkoa wetu wa mfano ni Iringa, na msomaji ni mkurugenzi mtendaji wa halmashauri mojawapo. Takwimu za utafiti nitakazozitaja ni za kweli. Halmashauri yenyewe na fedha zake ni za kubuni, nimezitunga ili hesabu ionekane.

Anza na kalamu ya msomaji

Kabla ya kufungua ripoti, chukua karatasi tupu ujibu maswali matatu. Mtu huyu anaweza kuidhinisha nini kwa sahihi yake peke yake? Anaweza kukiidhinisha lini? Na nani ataulizwa kabla hajaweka sahihi?

Mkurugenzi wa halmashauri hawezi kupunguza udumavu. Hiyo si kazi ya sahihi. Anachoweza ni kumwagiza mweka hazina atoe fedha zilizomo kwenye bajeti, kupeleka hoja kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kuhamisha mtumishi, au kuitisha kikao cha menejimenti. Ukimwandikia kwamba "jitihada za pamoja zinahitajika ili kukabiliana na udumavu", humpi chochote kati ya hivyo.

Kalenda nayo ina nguvu kuliko hoja. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza 1 Julai. Rasimu za bajeti za halmashauri huandaliwa na kupitishwa miezi kadhaa kabla, na Bunge la bajeti huketi Dodoma kuanzia Aprili. Ukipeleka ombi la kifungu kipya cha bajeti mwezi Mei, mkurugenzi atalisoma kwa heshima na kulirudisha masjala. Ombi la kutoa fedha ambazo tayari zimetengwa lina nafasi mwaka mzima, na ndiyo sababu mara nyingi ndilo ombi bora.

Sasa tuweke mfano. Halmashauri yetu ina vijiji 50 na watoto 20,000 wa chini ya miaka mitano. Mkataba wa lishe ambao Serikali imeusaini na wakuu wa mikoa unazitaka halmashauri kutenga na kutumia angalau sh 1,000 kwa kila mtoto wa umri huo kutoka mapato ya ndani. Kwa hiyo bajeti ina sh milioni 20, zilizopangwa kugharamia Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo mwaka, kwa sh 100,000 kila kijiji kila mara. Robo moja inahitaji sh milioni 5. Mwisho wa Desemba zilipaswa kuwa zimetoka milioni 10, lakini zimetoka milioni 3. Siku 30 zimefanyika kati ya 100.

Ona kwamba ombi letu limetoka hapo, kwenye vitabu vya halmashauri yenyewe. Ripoti ya kitaifa haiijui milioni 7 iliyobaki hazina. Kazi ya ripoti ni kueleza kwa nini milioni hizo zina uzito. Watu wengi hukwama kwa sababu wanaitafuta suluhu ndani ya ripoti ambayo haikuandikwa kwa ajili ya kuitoa.

Soma ripoti kama mtu anayetafuta ushahidi

Ukishajua ombi, ripoti inakuwa nyembamba ghafla. Unahitaji kujua tatizo ni kubwa kiasi gani hapa, linapungua au linaongezeka, na hapa pakoje ukilinganisha na kwingine. Anza na sura ya lishe ya watoto, tafuta jedwali la hali ya lishe kwa mkoa, na ubonyeze Ctrl+F kutafuta neno Iringa. Usianze na muhtasari wa mbele. Muhtasari unaongea na nchi nzima, na mkurugenzi wako hana nchi nzima.

Utakuta kwamba asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Kitaifa ni asilimia 30. Ukifungua ripoti ya utafiti uliotangulia, wa 2015-16, Iringa ilikuwa na asilimia 42 na taifa asilimia 34. Taifa limeshuka, Iringa imepanda. Njombe na Rukwa nazo zimo kwenye nusu au karibu yake. Hii ndiyo mikoa inayolisha miji kwa mahindi na viazi. Jambo hilo linaumiza, na litakuja kuwa swali la kwanza la mkurugenzi.

Kabla ya kuzinakili takwimu hizo, zifanyie ukaguzi wa aina tatu. Mimi husimama hapa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kosa moja likigunduliwa na mtu wa takwimu kwenye kikao, ukurasa wote umekufa.

Kwanza, takwimu inamhusu nani? Sampuli ya utafiti huu ilipangwa kutoa makadirio ya taifa na ya mikoa. Haikupangwa kutoa ya wilaya wala halmashauri. Iringa ina halmashauri tano, na asilimia 57 ni ya zote kwa pamoja. Ukiandika "asilimia 57 ya watoto wa halmashauri yetu wamedumaa" umesema jambo ambalo utafiti haukusema. Andika "mkoani Iringa", kisha ukiri kwa sentensi moja kwamba takwimu ya halmashauri peke yake haipo.

Pili, takwimu ina uhakika kiasi gani? Nyuma ya ripoti kuna kiambatisho cha makosa ya sampuli chenye majedwali kwa kila mkoa. Tafuta mstari wa kimo kwa umri, kisha safu za R-2SE na R+2SE. Hizo ni ncha mbili ambazo thamani ya kweli ina uwezekano mkubwa wa kuwa kati yake. Upana wake unategemea idadi ya watoto waliopimwa, na mkoa mmoja huwa na wachache kuliko watu wanavyodhani. Tuseme walipimwa watoto 200. Kwa asilimia 57, kosa la sampuli lingekuwa kama pointi 7 kila upande, na kwa kuwa kaya huchaguliwa kwa makundi, lingeweza kufika pointi 9 au 10. Kwa upana kama huo tofauti ya pointi 2 haina maana yoyote. Tofauti ya pointi 15, kutoka 42 hadi 57, ni jambo la kutaja, lakini linganisha kwanza ncha za tafiti zote mbili. Zisipoingiliana, sema "imepanda" bila woga. Zikiingiliana, sema "haijashuka", ambayo kwa ombi letu inatosha kabisa.

Tatu, hesabu ya mabadiliko. Kutoka 34 hadi 30 ni pointi 4, si asilimia 4. Ukitumia asilimia, upungufu ni karibu asilimia 12 ya kiwango cha awali. Makosa ya aina hii hujaa kwenye maandiko yetu, na njia rahisi ya kuyakwepa ni kutaja namba zote mbili: "kutoka asilimia 34 hadi asilimia 30". Msomaji atakokotoa tofauti mwenyewe.

Kuna jambo moja zaidi ambalo utafiti wa aina hii haukupi, nalo ni sababu. Majedwali yataonyesha udumavu kwa elimu ya mama, kwa utajiri wa kaya na kwa makazi. Ni picha ya siku moja. Haisemi kipi kilisababisha kipi, kwa hiyo usiandike "udumavu unasababishwa na" halafu ukataja jedwali. Kwa sababu, tegemea elimu ya lishe inayokubalika: mtoto hudumaa kutokana na mlo duni, magonjwa ya mara kwa mara na malezi yasiyotosheleza, hasa kati ya mimba na miaka miwili.

Kila takwimu unayoichukua, iandike kwenye karatasi ya pembeni pamoja na namba ya jedwali na ukurasa. Karatasi hiyo haiendi kwa mkurugenzi. Inabaki kwenye mkoba wako, na siku utakapoulizwa "hii umeitoa wapi?" utajibu kabla swali halijaisha.

Geuza lugha ya kitaalamu

Ripoti inasema mtoto aliyedumaa ni yule ambaye kimo chake kwa umri kiko chini kwa zaidi ya mikengeuko sanifu miwili kutoka kimo cha katikati cha viwango vya Shirika la Afya Duniani. Ni sahihi na haisomeki. Kwenye ukurasa wako andika "ni mfupi mno kwa umri wake". Asilimia 57 iandike "zaidi ya nusu" na uweke namba kwenye mabano. Usianze na namba yenye desimali. Desimali inaashiria uhakika ambao sampuli haina.

Usikubali neno "njaa" lipenye mahali pa "udumavu". Mkurugenzi anayetazama maghala ya mahindi atasema hakuna njaa hapa, naye atakuwa na haki. Mtoto anaweza kushiba uji mweupe mara tatu kwa siku na bado akadumaa, kwa kuwa uji huo hauna maharage, dagaa, yai, karanga wala mboga. Eleza hivyo, kwa vyakula anavyovijua.

Zungumza na mweka hazina kabla ya kuandika

Hatua hii haipo kwenye miongozo mingi, nami naiona muhimu kuliko uandishi wenyewe. Mkurugenzi akisoma ombi la fedha, jambo la kwanza atakalofanya ni kumwita mweka hazina. Kama mweka hazina analisikia kwa mara ya kwanza, atasema "hali ya makusanyo si nzuri" na dokezo litalala.

Nenda kwake mapema na swali la kweli: milioni 7 zinaweza kutoka lini? Mapato ya ndani hayaingii kwa usawa. Ushuru wa mazao huja kwa msimu, na kuna miezi ambayo akaunti ni kavu. Huenda akakwambia Januari mwishoni inawezekana, mapema zaidi haiwezekani. Tarehe hiyo ndiyo itakayoingia kwenye ombi lako, na utakuwa na haki ya kuandika "nimeshauriana na mweka hazina". Afisa mipango naye aone rasimu, maana ndiye anayejua kifungu cha bajeti kinaitwaje.

Ukurasa wenyewe

Tumia karatasi ya A4, herufi za ukubwa wa 12, pambizo za kawaida. Maneno yakipita 350 ukurasa unaanza kubana. Ukijikuta unapunguza herufi ili maneno yaenee, bado hujachagua. Hivi ndivyo mfano wetu ulivyotoka:

> KWA: Mkurugenzi Mtendaji
> KUTOKA: Afisa Lishe
> YAH: KUTOLEWA KWA SH 7,000,000 ZA SIKU ZA AFYA NA LISHE ZA VIJIJI IFIKAPO 31 JANUARI
>
> Ombi. Naomba uidhinishe mweka hazina atoe sh 7,000,000 kutoka mapato ya ndani ifikapo 31 Januari, ili siku 70 za afya na lishe za vijiji ambazo hazikufanyika kati ya Julai na Desemba zifanyike kabla ya 31 Machi. Fedha hizi zimo kwenye bajeti iliyopitishwa na baraza. Si nyongeza.
>
> Tatizo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa (asilimia 57) wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Kitaifa ni asilimia 30. Utafiti wa 2015-16 ulikuta asilimia 42 mkoani. Takwimu hizi ni za mkoa; za halmashauri moja moja hazikutolewa.
>
> Kwa nini mkoa wenye chakula. Udumavu hauletwi na njaa peke yake. Mtoto anayekula uji wa mahindi bila maharage, dagaa, mayai au mboga hushiba lakini hakui. Siku ya kijiji ndipo mzazi anapopimiwa mtoto, kuonyeshwa mapishi na kupewa rufaa.
>
> Kwa nini sasa. Kimo kinachopotea kabla ya miaka miwili ni vigumu kurudi. Mtoto aliyeanza uji Julai akiwa na miezi sita anatimiza mwaka mmoja Januari.
>
> Njia nyingine. Kusubiri robo ya nne kutaipunguzia hazina mzigo wa sasa, lakini kutawaacha watoto bila huduma kwa miezi mitatu zaidi, katika umri ambao kimo kinachopotea ni vigumu kurudi.
>
> Tahadhari. Januari hadi Machi wazazi wako mashambani. Siku zitapangwa na watendaji wa vijiji kulingana na ratiba ya kila kijiji.
>
> Ufuatiliaji. Kila mwisho wa mwezi nitaleta idadi ya siku zilizofanyika na watoto waliopimwa. Nimeshauriana na mweka hazina na afisa mipango.

Tazama kilichoachwa nje. Hakuna historia ya lishe nchini, hakuna ukondefu, hakuna upungufu wa damu kwa wanawake, ingawa yote yamo kwenye ripoti na yote yana uzito. Kuyaacha kuliniuma. Kila moja linastahili ukurasa wake siku yake, likiwa na ombi lake.

Tazama pia kipengele cha ufuatiliaji. Sikuahidi kwamba asilimia 57 itashuka. Udumavu hausogei kwa miezi mitatu, na kati ya tafiti hizi mbili kubwa ilipita zaidi ya miaka mitano. Ukimwahidi mkurugenzi kushuka kwa udumavu mwakani, umemwekea mtego, nawe utakuwa umenaswa naye. Ahidi kinachohesabika ndani ya muda wake.

Sehemu ya "njia nyingine" wengi huiruka. Usiiruke. Mkurugenzi anajua kwamba kuna njia nyingine, na akiona umeificha ataanza kutilia shaka hata takwimu. Ipe faida yake ya kweli kwanza, kisha useme kwa nini hukuichagua.

Jaribio la dakika moja

Mpe ukurasa mtu asiyehusika na lishe, kwa mfano mtunza kumbukumbu wa masjala. Mwache ausome kwa dakika moja, kisha uuchukue. Muulize: ninaomba nini, kiasi gani, lini? Akikwambia "ni kuhusu udumavu", rudi uandike upya kichwa cha habari na aya ya kwanza. Akikwambia "milioni 7 kabla ya mwisho wa Januari", umemaliza. Kisha usome kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi igawanye.

Msomaji akiwa mbunge

Ripoti ni ileile, ukurasa ni mwingine, kwa sababu kalamu ni nyingine. Mbunge hamwagizi mweka hazina. Ila ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake, kwa hiyo anaweza kuuliza pale taarifa ya robo mwaka inapowasilishwa kwa nini zimetoka milioni 3 kati ya 10. Bungeni anaweza kumuuliza swali waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, au kuchangia makadirio ya wizara ya afya. Ombi lako kwake liwe mojawapo ya hayo, na umwandikie hilo swali lenyewe, neno kwa neno, pamoja na swali moja la nyongeza. Kwake pia takwimu ya mkoa ina nguvu.

Kama wewe ni mtumishi wa halmashauri, usimpelekee mbunge karatasi bila mkurugenzi kujua. Asasi na watafiti wana uhuru huo, wewe una utaratibu. Nimeona dokezo zuri likizikwa kwa sababu mkurugenzi alilisikia kwanza kutoka kwa mwanasiasa.

Baada ya kukabidhi

Pitisha masjala, lipate namba ya jalada, na uandike tarehe kwenye daftari lako. Baada ya siku tatu za kazi ulizia jalada liko meza gani. Likirudi na "Imeridhiwa", lipeleke kwa mweka hazina siku hiyohiyo, kabla fedha haijapata mwenyewe mwingine. Likirudi na "Tujadili", nenda na ile karatasi ya pembeni yenye namba za majedwali, pamoja na orodha ya vijiji 20 ambavyo havijapata hata siku moja tangu Julai.